Orodha ya kuhakiki mkataba wa pango kabla haujasainiwa

Hii ni kwa anayeanza kazi hapa kaunta. Imeandikwa kwa ajili ya mkataba ulioko mezani sasa: nyumba ya vyumba viwili na sebule, Kata ya Mtanda, Manispaa ya Lindi, kodi sh. 120,000 kwa mwezi, mwaka mmoja kuanzia 1 Aprili 2026. Wahusika wanakuja kusaini Jumamosi 28 Machi, saa nne asubuhi. Kurasa ni mbili tu, lakini usizidharau. Mkataba mfupi hauna pa kujificha: neno moja likikosewa, hakuna kifungu kingine cha kuliokoa.

Kabla hujaanza, toa kopi moja ya kuchorea. Soma kwenye karatasi, maana kwenye kioo jicho huruka mistari. Chukua kalamu nyekundu, rula ya kuweka chini ya mstari unaousoma, kikokotoo, na kopi za vitambulisho vya wahusika wote.

Jua pia mpaka wako. Kosa la kuandika (herufi, nukta, nafasi) lisahihishe. Sentensi yenye maana mbili iandikie swali pembeni. Jambo walilokubaliana usiliguse, hata kama ungekuwa wewe usingelikubali. Swali lolote liulizwe pande zote mbili kwa pamoja. Ukimuuliza mmoja tu na ukarekebisha kwa neno lake, umeshaingia kwenye mkataba usiokuhusu.

Watu

☐ Jina la kila mtu lifanane na kitambulisho chake, herufi kwa herufi. Salum na Salumu, Mohamed na Mohamedi: kwa mtamkaji ni yuleyule, kwenye karatasi ni watu wawili. Fuata kitambulisho.

☐ Jina hilohilo liwe kwenye utangulizi, sehemu ya saini, na popote linapotajwa katikati. Makosa mengi yako kwenye saini, kwa sababu watu huchoka kuhakiki wakifika ukurasa wa mwisho.

☐ Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Zihesabu. Tarakimu 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, kuanzia mwaka: aliyezaliwa 14 Juni 1991 anaanza na 19910614. Zisipolingana na tarehe iliyo kwenye kitambulisho, kuna tarakimu iliyoteleza. Namba ya simu iwe na tarakimu 10.

☐ Anayesaini ndiye mwenye nyumba? Hapa kwetu nyumba nyingi ni za urithi, au mwenyewe anaishi mbali. Kwenye mkataba huu mama mwenye nyumba yuko Dar es Salaam na mdogo wake ndiye atakayesaini. Basi utangulizi useme hivyo: jina la mama kama Mpangishaji, jina la mdogo wake kama anayesaini kwa niaba yake, na tarehe ya barua iliyompa mamlaka hayo. Rasimu imemwandika mdogo mtu kana kwamba nyumba ni yake. Weka alama nyekundu kubwa hapo.

☐ Mpangaji na Mpangishaji. Hili ndilo kosa ninaloliogopa kuliko yote, kwa sababu kompyuta haitakuonyesha: maneno yote mawili ni sahihi, na sentensi inasomeka vizuri hata yakibadilishana. Dawa yake ni kusoma kwa sauti huku kila penye "Mpangishaji" ukisema "mama mwenye nyumba", na penye "Mpangaji" ukisema "kijana anayehamia". Fanya hivyo kwenye kifungu cha 7 cha rasimu: "Mpangaji atakarabati paa linalovuja ndani ya siku 14 baada ya kupewa taarifa." Kijana anayehamia ndiye akarabati paa la nyumba ya mtu? Na taarifa anapewa na nani, wakati anayelala chini ya paa ni yeye? Inawezekana ndivyo walivyokubaliana, lakini neno "kupewa taarifa" linaonyesha kuwa mwandishi alimkusudia mama. Usibadilishe. Uliza.

Nyumba

☐ Mtaa, kata, namba ya nyumba au ya kiwanja. Kama haina namba, ielezwe kwa kinachoipakana. "Nyumba iliyopo Mtanda" haitoshi.

☐ Idadi ya vyumba, choo, jiko la nje, uzio, kisima. Kinachotumiwa kwa pamoja na wapangaji wengine kisemwe hivyo.

☐ Mabaki ya mkataba wa zamani. Karibu kila rasimu inayoletwa hapa kwenye flashi imetengenezwa juu ya mkataba wa mtu mwingine. Bonyeza Ctrl+F na utafute majina ya mahali pasipohusika: Temeke, Masasi, Mikindani. Tafuta pia "duka", "fremu" na "ofisi" kwenye mkataba wa makazi. Kwenye huu kifungu cha 10 kinakataza "kufunga fremu kwa zaidi ya siku saba". Fremu gani?

Pesa

☐ Piga hesabu mwenyewe, usiamini iliyoandikwa. 120,000 × 6 = 720,000. 120,000 × 12 = 1,440,000.

☐ Tarakimu na maneno vilingane. Rasimu ina "sh. 1,440,000 (shilingi milioni moja na laki nne)". Elfu arobaini imepotea kwenye maneno. Ndipo ugomvi unapoanzia, kwa sababu kila mmoja atashika upande unaomfaa.

☐ Hesabu sifuri, angalia koma. 72,000 na 720,000 hutofautiana kwa sifuri moja.

☐ Amana. Ni kiasi gani, itarudishwa siku ngapi baada ya kuhama, na kwa lipi inaweza kukatwa? Kama mkataba unasema "amana" mahali pamoja na "malipo ya awali" pengine, uliza kama ni pesa moja au mbili.

☐ Njia ya kulipa. Kama ni kwa simu, namba na jina la usajili viandikwe. Kama ni taslimu, risiti iandikwe na nani.

☐ Neno "kodi" likisimama peke yake. Kifungu cha 5 kinasema "kodi zote zitalipwa na Mpangaji". Ya pango, au na za serikali? Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU, kwa hiyo anayenunua umeme ndiye anayeilipa siku hiyo, ilhali ni kodi ya mwenye jengo. Mkataba useme kama mpangaji atarudishiwa, atakatiwa kwenye pango, au ameridhia kuibeba. Andika "kodi ya pango" kila unapomaanisha pango.

☐ Namba ya mita ya LUKU inakiliwe kutoka kwenye mita yenyewe au risiti ya karibuni, si kwa kuambiwa. Kwa maji, namba ya akaunti ya LUWASA, na deni la nyuma kama lipo.

Ukija kuhakiki mkataba wa fremu, ongeza moja: mpangaji anayefanya biashara hutakiwa kukata asilimia 10 ya kodi ya pango na kuipeleka TRA. Kiasi kilichoandikwa kiseme kama ni kabla au baada ya makato.

Tarehe

☐ Mwaka mmoja kuanzia 1 Aprili 2026 unaisha 31 Machi 2027. Rasimu imeandika 1 Aprili 2027. Siku moja inaonekana ndogo, mpaka mpangaji mwingine aje na mizigo yake asubuhi hiyo.

☐ Mwezi uandikwe kwa neno. 03/04/2026 mmoja atasoma Aprili, mwingine Machi.

☐ Tarehe ya kusaini isichanganywe na tarehe ya kuanza. Hapa ni 28 Machi na 1 Aprili. Siku tatu za katikati, 29 hadi 31 Machi, funguo ziko kwa nani?

☐ Tarehe zisizo tarehe. Kifungu cha 4 kinasema awamu ya pili, sh. 720,000, italipwa "baada ya mnada wa korosho". Wote wawili wanaelewana leo, kwa kuwa kila mtu hapa Lindi anajua pesa huingia lini. Lakini minada hufanyika mara nyingi katika msimu, na mkulima hulipwa baada ya mnada, si papo hapo. Mnada upi? Nilipowapigia simu wote wawili, walisema walikuwa wanafikiria mwisho wa Novemba. Basi iandikwe: "kabla au ifikapo 30 Novemba 2026."

☐ Sasa linganisha tarehe hiyo na vifungu vingine. Hapa kaa muda mrefu. Awamu ya kwanza inaishia 30 Septemba. Kifungu cha 9 kinasema mpangaji akichelewa kulipa kwa siku 14 tangu awamu kwisha, atatoka. Yaani kifungu cha 4 kinamruhusu hadi mwisho wa Novemba, na kifungu cha 9 kinamtoa katikati ya Oktoba. Hakuna kosa la herufi hata moja katika vifungu hivyo viwili. Ukivisoma kimojakimoja vyote ni vizuri. Andika namba 4 na 9 pembeni, vuta mstari kati yake, uliza.

☐ Notisi: ni siku ngapi, kwa maandishi au kwa mdomo, na je, ni sawa kwa pande zote? Kama si sawa, hakikisha ni kwa makusudi.

Namba za vifungu

☐ Zifuatane, isirukwe wala isirudiwe. Kisha tafuta neno "kifungu" kwa Ctrl+F na ufuate kila rejeo hadi linapoelekeza. Kifungu cha 11 kinataja "amana iliyotajwa katika kifungu cha 6". Amana iko kifungu cha 5. Kuna kifungu kilifutwa, namba zikasogea, rejeo likabaki.

Lugha

Iwe ya mwisho, na isikuchukue muda mrefu. "Haruhusiwi" na "anaruhusiwa" ndiyo ya kuangalia kwanza, kwa sababu silabi moja inageuza sharti zima. Mengine ni nukta, herufi kubwa, na maneno yaliyoungana.

Ukurasa wa saini

☐ Usikae peke yake. Angalau kifungu kimoja kiwe juu ya saini, ili ukurasa huo usiweze kubandikwa kwenye mkataba mwingine.

☐ Nafasi ya jina, saini na tarehe kwa kila upande, na shahidi wa kila upande mwenye jina na namba ya simu. Kama wataupeleka kwa mtendaji wa mtaa au wakili, iachwe nafasi ya muhuri.

☐ "Ukurasa 1 kati ya 2" chini ya kila ukurasa, na wasaini kwa kifupi kila ukurasa.

Baada ya masahihisho

☐ Printi upya na usome ukurasa mzima, si mstari uliorekebishwa tu. Mstari mmoja ukiongezeka, mwingine husukumwa ukurasa wa pili.

☐ Chana rasimu zote za zamani. Faili lipewe jina lenye tarehe, na la zamani liondolewe kwenye flashi ya mteja akiwa anaona.

☐ Siku ya kusaini, wasomee kwa sauti vifungu vya 4, 5, 7 na 9 kabla hawajashika kalamu. Wakitaka kubadilisha neno kwa mkono, wote wawili wasaini pembeni ya badiliko hilo, kwenye nakala zote tatu: ya mama, ya kijana, na ya shahidi.