YAH: Taarifa ya Nyongeza Kuhusu Kuanguka kwa Rundo la Magunia, Ghala la Mahindi, Kibaigwa

Ndugu Meneja,

Taarifa ya awali ilieleza kuwa rundo lilimwangukia kuli kwa sababu alilipanda bila kufuata utaratibu. Baada ya kukagua eneo na kuwahoji makuli wenzake pamoja na mlinzi, uchunguzi umebaini kuwa maelezo hayo si sahihi, na yanafutwa: magunia ya chini yalikuwa yamelowa kwa maji yaliyovuja kutoka kwenye paa, chaga mbili zilikuwa zimeoza hadi kumeguka kwa mkono, na rundo lilianza kuinama kabla hajalikaribia. Jeraha la mguu linathibitishwa kama lilivyoripotiwa.

Onyo aliloandikiwa liondolewe kwenye jalada lake, kwa kuwa halikumstahili. Upande wa ghala ambako rundo lilianguka usitumike hadi paa litengenezwe.

Naomba kuwasilisha.

Msimamizi wa Usalama Ghalani