Majibu ya Simu ya Duka: Viatu na Mikoba, Nairobi

Kwa wote mnaoshika simu ya duka: haya ndiyo majibu ya kutumia kwenye WhatsApp kuanzia Jumatatu. Nakili, badilisha saizi, mtaa na bei zilingane na oda iliyo mbele yako, kisha tuma. Usimwite mteja dada au kaka kwa kuangalia picha yake. Wengi huweka picha za watoto wao. Akijitambulisha mwenyewe kuwa Mama fulani, mfuate hapo. Na samahani ni moja tu kwa kila ujumbe. Ukiirudia mara nne, mteja anaelewa kwamba huna jingine la kumwambia.

Anapouliza bidhaa

Mteja: Habari. Zile raba nyeupe bado mnazo? Navaa 39.

Jibu: Njema sana, karibu. Ndiyo, saizi 39 ipo, bei ni shilingi 2,400. Uko mtaa gani, nikuambie gharama ya kukuletea?

Mteja: Umoja.

Jibu: Asante. Kukuletea Umoja kwa boda ni shilingi 250. Nauli hiyo ndiyo tunayoomba mapema. Viatu utalipa ukishavijaribu hapo mlangoni. Ukithibitisha kabla ya saa sita mchana, utavipata leo kabla ya saa kumi na mbili jioni. Baada ya saa sita, vitakufikia kesho.

Mteja: Na nikiwa Kisumu?

Jibu: Kisumu tunatuma kwa basi la usiku, na malipo yote hufanywa kabla mzigo haujatoka. Tukishaukabidhi, nitakutumia picha ya risiti ya mzigo. Ukienda kuuchukua kwenye ofisi ya basi, tafadhali beba kitambulisho.

Mzigo unapochelewa

Hapa ndipo maneno mengi hutoka. Mpigie mtu wa boda kwanza, ujue yuko wapi, ndipo umjibu mteja. "Yuko njiani" ni jibu ambalo Nairobi nzima imeshachoka nalo. Taja mahali, taja saa, na saa hiyo ikipita mwandikie wewe kabla hajakuandikia.

Mteja: Mlisema saa kumi. Sasa ni saa kumi na moja na nusu na sioni mtu.

Jibu: Pole kwa kukuweka ukingoja. Nimeongea na mtu wa boda sasa hivi: amesimama Donholm kwa sababu ya mvua na anatarajia kufika kwako saa kumi na mbili na robo. Kama saa hiyo haikufai, niambie, nimrudishe na tukuletee kesho asubuhi bila nauli nyingine.

Mteja: Kesho niko kazini.

Jibu: Sawa kabisa. Tunaweza kukuletea kazini, au tumwachie mtu utakayemtaja wewe. Ukichagua mtu, naomba jina lake na nambari ya simu, na tutampigia tukifika tu.

Mteja: Boda amefika lakini anataka nimwongezee mia.

Jibu: Asante kwa kuniambia. Tafadhali usimwongezee chochote, nauli yako ilishalipwa. Nampigia sasa hivi. Kama umeshampa, nitakurudishia hiyo shilingi 100 kwa M-Pesa leo hii.

(Hili la mwisho msibishane na mteja. Rudisheni mia, halafu mniachie mimi nizungumze na huyo wa boda.)

Kubadilisha na kurudishiwa pesa

Mteja: Viatu vinabana.

Jibu: Pole. Saizi 40 ya rangi hiyo ipo. Kama hujavivaa nje, tutakuletea 40 na kuchukua hizo 39 kwa safari moja. Utalipia nauli ya boda tu, shilingi 250. Nipange kesho?

Mteja: Mmeniletea mkoba wa kahawia. Niliagiza mweusi.

Jibu: Ni kweli, nimeangalia oda yako na uliagiza mweusi. Kosa ni letu, samahani. Mweusi utakufikia kesho kabla ya saa saba mchana na hutalipa nauli. Ukipenda kurudishiwa pesa badala yake, nitakutumia shilingi 3,100 pamoja na nauli uliyolipa, mtu wetu akishauchukua huo wa kahawia.

Mteja: Nimevaa siku tatu tu na soli imebanduka!

Jibu: Pole sana, kiatu hakifai kubanduka kwa siku tatu. Naomba picha mbili, moja ya soli na moja ya upande. Nikizipata nitakujibu leo kabla ya saa kumi na mbili jioni. Kama ni hitilafu ya kiatu, utachagua: jozi mpya, au pesa zako zote.

Soli iliyobanduka hatumwambii mteja kwamba "bidhaa ikiuzwa hairudishwi." Ibara ya 46 ya Katiba inampa mteja haki ya kupata bidhaa yenye ubora unaofaa, na karatasi iliyobandikwa ukutani haiifuti haki hiyo. Lakini wapo pia wanaovaa kiatu harusini Jumamosi na kukirudisha Jumatatu kikiwa na matope. Hao nao wajibiwe kwa adabu, bila kutuhumiwa:

Jibu: Asante kwa picha. Naona kiatu kimeshatembelewa nje na hakina hitilafu, kwa hiyo hatutaweza kukipokea wala kurudisha pesa. Najua si jibu ulilotarajia. Ukihitaji saizi nyingine ya kiatu hicho, nitakupa jozi ya pili kwa shilingi 2,100.

Mteja: Pesa zangu ziko wapi? Mlisema jana.

Jibu: Una haki kuuliza. Pesa zimetumwa leo saa nne asubuhi, shilingi 2,400 kamili, kwa nambari ile uliyolipia. Gharama ya kutuma tumelipa sisi. Tafadhali angalia ujumbe wa M-Pesa, na usipouona niambie, nikutumie nambari ya muamala.

Usitume jibu hilo kama pesa hazijatoka.

Mteja: Nitumie kwa nambari hii ingine, ile laini nimepoteza.

Jibu: Pole kwa kupoteza laini. Kwa usalama wako, pesa hurudi kwenye nambari iliyolipa peke yake. Ukishairudisha laini yako, niandikie ukiwa kwenye nambari hiyo, nami nitatuma siku hiyohiyo. Pesa zako haziendi popote.

Malipo yasiyoonekana

Mteja: Nimelipa, ona ujumbe.

Jibu: Asante. Malipo hayo bado hayajaonekana kwenye simu ya duka. Naomba nambari ya muamala, ile ya herufi na tarakimu 10 mwanzoni mwa ujumbe, niitafute. Yakionekana tu, mzigo unatoka.

(Picha ya ujumbe si pesa. Lakini usimwambie mteja kwamba ni bandia. Huenda alikosea tarakimu moja tu.)

Mteja: Ala, nimetuma kwa nambari ya mtu mwingine!

Jibu: Pole. Tafadhali sambaza huo ujumbe wa M-Pesa kwa 456 sasa hivi, kabla aliyepokea hajazitoa. Viatu vyako nitaviweka kando hadi kesho saa kumi na mbili jioni.

Anapotukana

Jibu: Naelewa umekasirika, na ninataka kulimaliza jambo hili leo. Oda yako ni mkoba mweusi wa kupelekwa South B, uliochelewa tangu jana. Je, nikuletee jioni hii bila nauli, au nikurudishie pesa zote sasa?

Akitukana tena, usijibu. Nipe simu mimi.

Usiku

Jibu: Asante kwa kutuandikia. Duka limefungwa, tutafungua kesho saa mbili asubuhi na ujumbe wako utajibiwa kwa zamu. Tafadhali usimpe mtu yeyote nambari yako ya siri ya M-Pesa, hata akisema anapiga kutoka dukani kwetu.