Asha Sokoni: wimbo wa A mpaka Z wa darasa la awali

Wazazi na walimu wenzangu, huu ndo wimbo wa siku ya wazazi Ijumaa, nimeuandika wote hapa ili hata bibi au dada anayebaki na mtoto nyumbani aweze kuimba naye. Ni safari ya mtoto anaitwa Asha anayeenda na bibi yake soko la Ngamiani hapa Tanga, wanatoka asubuhi wanarudi wamechoka, na kila mstari unaanza na herufi inayofuata, kwahiyo mtoto akiishika hadithi tu basi mpangilio wa herufi anao bila kukariri kama kasuku.

Herufi zetu ni 24. Hakuna Q wala X, na C hatembei peke yake, lazima awe na H, kwahiyo baada ya B tunaimba CH. Kama kuna kaka au dada nyumbani anayesoma Kiingereza na anataka kumsahihisha mdogo wake aweke C, Q na X, mwambieni asubiri, zile ni za wimbo mwingine.

Kila mstari una vipande viwili vya mizani nane nane, yaani makofi nane, unapumua kidogo, makofi nane tena. Mwalimu au mzazi anaanza kipande cha kwanza, watoto wanamalizia cha pili. Kiitikio wote pamoja, na hapo ruksa kupiga miguu chini.

Kiitikio

Twende sote Ngamiani, herufi zetu tuimbe,
moja moja kikapuni, hata moja tusitupe!

Ubeti wa 1

A – Asha, jogoo awika, kumekucha twende zetu,
B – Bibi amejifunika, kashika kikapu chetu,
CH – Chai sasa yachemka, tunywe na mihogo yetu,
D – Daladala imefika, imejaa tele watu!

(Kiitikio)

Ubeti wa 2

E – Embe bivu lapendeza, limepangwa kibandani,
F – Fenesi limejilaza, kama mto kitandani,
G – Gunia wanaliuza, la mkaa mlangoni,
H – Hodi! Bibi auliza, bamia ngapi jamani?

(Kiitikio)

Ubeti wa 3

I – Iliki inanukia, ya pilau ya harusi,
J – Jirani atupungia, anauza mananasi,
K – Karanga katufungia, kwa karatasi nyepesi,
L – Limau latumbukia, ndani ya kapu upesi!

(Kiitikio)

Ubeti wa 4

M – Maji ya dafu nataka, kiu imezidi sana,
N – Nazi Bibi kazishika, atikisa moja tena,
O – Ona pweza kakauka, juani kutwa ya jana,
P – Paka macho kayaweka, anamtaka, naona!

(Kiitikio)

Ubeti wa 5

R – Rangi zote naziona, za kanga za kina mama,
S – Sukari tunagawana, nusu kilo tumepima,
T – Tangawizi kali sana, tutatia kwenye nyama,
U – Ukwaju nikitafuna, nafumba macho nahema!

(Kiitikio)

Ubeti wa 6 (huu polepole, watoto washachoka na Asha kachoka)

V – Viazi vimeshajaa, kapu zito tunarudi,
W – Wali wa nazi wang'aa, kaupika kwa juhudi,
Y – Yai moja na dagaa, natafuna sina budi,
Z – Zimeshazimika taa, kesho tena, ni ahadi.

(Kiitikio cha mwisho kwa sauti ya chini kabisa, halafu wote "lala")

Sasa maneno machache ya jinsi ya kuuimba maana hapo ndo penye kazi.

Kwanza naomba sana, herufi itamkwe kwa sauti yake, sio kwa jina lake. Tukifika B mtoto asiseme "bee, Bibi", aanze na midomo iliyofungwa, aipasue, b, b, Bibi. Hivyo hivyo M ni mmm, S ni sss kama nyoka. Mtoto aliyezoea kusema "bee-aa" akikutana na "ba" kwenye kitabu anakwama, anajua majina ya herufi yote 24 na kusoma hawezi, na kwenye KKK hiyo K ya kwanza ndo tunayoitafuta. Huu wimbo nimeupenda kwasababu neno linakuja hapo hapo baada ya sauti, hakuna nafasi ya kupotea katikati.

Mstari wa R uimbeni mara mbili au tatu. Watoto wengi wa umri huu wanasema "langi", na wengine huko nyumbani ndo wanavyosikia, sio kosa la mtoto. Mwekeni ajaribu kutetemesha ncha ya ulimi, rrrr kama bodaboda inawashwa, wanaipenda hiyo kuliko mstari wenyewe, wakishaweza ndo mnarudi "rrrangi". Msimcheke anayeshindwa na msimsimamishe mbele ya wenzake, aendelee kuimba katikati ya kundi ulimi utakuja wenyewe.

Kuna wazazi wataona iliki iko kwenye I na kwao wanasema hiliki. Endeleeni kusema hivyo nyumbani hakuna tatizo, ila kwenye wimbo tunaimba bila H ili I ipate mstari wake.

Vitendo: kwenye CH wanapuliza chai, kwenye D wanabanana mabega, kwenye N kila mtoto anashika nazi ya hewani anaitikisa sikioni (bibi anasikiliza kama ina maji ndani, waelezeni hilo maana wengi wamemuona bibi akifanya ila hawajui anatafuta nini), kwenye U wanakunja uso wote. Kwenye K mimi darasani nakunja karatasi kipembe kama wanavyofunga wauza karanga, natia karanga tano, nawauliza "nani amo humu?" wanajibu "k! karanga!", halafu nazimwaga mezani moja moja, ka, ke, ki, ko, ku, kila karanga na silabi yake. Zikiisha tano wanataka tena, kwahiyo tunaenda la, le, li, lo, lu, na karanga zile zile. Ubeti mmoja kwa siku unatosha kabisa, ukiwapa beti sita kwa mpigo wanabaki na kiitikio tu, mengine yote wanayamung'unya.

Wakishauzoea unageuzwa kuwa maulizano, nusu ya darasa wanauliza nusu wanajibu:

– Asha, Asha, una nini?
– Nina kitu kikapuni!
– Chaanza na herufi gani?
– Chaanza na f, f, f!
– Fagio?
– Hapana!
– Figili?
– Hapana!
– Fenesi?
– Ndiyo, fenesi!

Uzuri wa mchezo huu, mtoto anatafuta maneno mwenyewe kichwani mwake, na hata akikosea jibu anakuwa kataja neno lingine la F, ambalo ndo nililokuwa nalitaka.

Halafu kuna wale wanaokaribia kuingia darasa la kwanza, wao A mpaka Z ishawaisha utamu. Kwao nimetunga huu mfupi wa herufi zinazotembea wawili wawili, makofi nane kwa kila mstari, unaenda haraka:

DH – Dhahabu yake shangazi,
GH – Ghalani imeanguka,
KH – Khanga akaikung'uta,
NG – Ngazi kapanda kwa mbio,
NG' – Ng'ombe akamshangaa,
NY – Nyuki naye akacheka,
SH – Shimoni kachungulia,
TH – Thumuni kaiokota!

Mtauliza mbona kanga huku imekuwa khanga. Zote zinaandikwa, hapa nimechukua ya KH kwasababu maneno ya KH yanayoanza mstari na mtoto wa miaka mitano anayajua ni machache mno. Thumuni ni ile senti 50 ya zamani, babu akiwepo mwambieni awaonyeshe kama anayo kwenye kopo lake, mtoto akishaishika mkononi TH haimtoki tena. Na ile NG na NG' ziimbwe zikifuatana makusudi, ngazi, ng'ombe, ngazi, ng'ombe, mkono puani ili asikie NG' inavyotetemeka humo ndani. Hicho kijikoma cha juu wengi wetu watu wazima tunakiruka tukiandika, naomba kwa hawa watoto tusikiruke.

Jambo hili la kutunga kwa kufuata herufi halijaanza kwetu, mwambao huu washairi wa zamani walitunga beti zikifuata alifu, bee, tee za Kiarabu, na watoto wa madrasa mpaka leo wanaimba herufi zao. Kwahiyo mzazi ukiona mwanao kaanza kubadilisha maneno, kamtoa Asha kaweka jina lake, kamtoa paka kaweka mbuzi halafu P imepotea, usimkataze, muulize tu "mbuzi anaanza na nini?" ataitafuta P nyingine mwenyewe. Na wasioishi karibu na Ngamiani wekeni soko lenu, mradi makofi yabaki nane.

Ijumaa tunaanza saa tatu asubuhi. Kila mtoto ana herufi yake imeandikwa nyuma ya daftari, aje na kitu kimoja cha herufi hiyo kutoka nyumbani, kidogo tu, tutavitia kwenye kapu moja wakati wa kuimba. Mwenye Y yai lichemshwe tafadhali. Mwenye D asihangaike na daladala, dafu linatosha. Mwenye O aje mikono mitupu, yeye kazi yake ni kunyoosha kidole na kusema "Ona!" kwa sauti kubwa kuliko wote. Mwenye Z atasimama karibu na swichi ya taa. Fenesi nalileta mimi, tutalipasua wimbo ukiisha, kwahiyo njooni na mafuta kidogo ya kupaka mikononi kwa ajili ya utomvu.