Ubora wa Huduma katika Utalii na Ukarimu: Muhtasari wa Sura ya 6 kwa Ajili ya Mtihani

Wenzangu, sura hii ni ndefu na inazunguka sana, ila swali lake kubwa ni moja: mgeni alitarajia nini, akapata nini, na tofauti hiyo imetokana na nani? Nimeandika nikiwa na swali hilo kichwani. Sehemu ya mapengo na ile ya hesabu someni kwa utulivu, maana ndiko alama nyingi ziliko. Nyingine zipitieni haraka.

Kwa nini huduma ni ngumu kupima

Sifa nne za huduma zinatosha aya moja. Haishikiki: mgeni hawezi kujaribu usingizi wa chumba kabla ya kulipa. Haitenganishwi na anayeitoa: mhudumu akinuna, na chakula kinanuna. Haifanani kila mara: mwongoza watalii yuleyule huchangamka asubuhi na kuchoka jioni. Haihifadhiki: chumba kilicholala tupu usiku wa leo hakiuzwi kesho kama cha leo. Ukiulizwa, usiishie kutaja sifa. Sema kila moja inaleta ugumu gani kwa anayepima ubora.

Grönroos, 1984: nini na namna gani

Ubora una pande mbili. Ubora wa kiufundi ni kile mgeni anachoondoka nacho: kitanda, mlo, safari iliyofika. Ubora wa kiutendaji ni namna alivyopewa: lugha, kasi, heshima. Katikati yake ipo taswira ya kampuni, inayofanya kazi kama chujio. Hoteli yenye jina zuri ikikosea mara moja, mgeni husamehe. Isiyo na jina zuri ikikosea vilevile, mgeni husema, "Nilijua."

Mfano wa mstari mmoja: samaki ameiva vizuri (kiufundi), lakini sahani imetupwa mezani bila neno (kiutendaji).

Mapengo matano: Parasuraman, Zeithaml na Berry, 1985

Huu ndio moyo wa sura. Pengo la 5 ndilo mgeni analoliona, yaani tofauti kati ya alichotarajia na alichopata. Mapengo ya 1 hadi 4 yako ndani ya kampuni, na ndiyo yanayolizaa la 5. Kwa hiyo mtu akiandika kwamba "tatizo ni pengo la 5" hajajibu kitu. Ametaja homa bila kutaja ugonjwa.

Pengo la 1 ni la ufahamu. Uongozi haujui wageni wanataka nini. Meneja anaongeza vituo vya televisheni, kumbe wageni wake wa kikazi wanalia na mtandao unaokatika. Chanzo chake: hakuna utafiti, na sauti ya mtu wa mapokezi haifiki juu.

Pengo la 2 ni la viwango. Uongozi unajua, ila haujageuza ujuzi huo kuwa utaratibu unaopimika. "Tuwe wepesi kwa wageni" si kiwango. "Simu ya mapokezi ipokelewe kabla ya mlio wa nne" ni kiwango.

Pengo la 3 ni la utendaji. Kiwango kimeandikwa, hata kimebandikwa ukutani, lakini hakifuatwi kwa sababu watu ni wachache, hawajafunzwa, au vifaa vimeharibika. Hapa msikimbilie kumlaumu mfanyakazi. Mtunza vyumba aliyepewa vyumba ishirini kwa zamu moja hawezi kutimiza orodha ya usafi, awe na moyo wa namna gani.

Pengo la 4 ni la mawasiliano. Tangazo limeahidi kisichokuwepo. Hili nililiona kwa macho nikiwa kwenye mafunzo kwa vitendo, katika hoteli ambayo sitaitaja. Tovuti ilisema vyumba huwa tayari saa sita mchana. Idara ya usafi ilikuwa ikifanya kazi kwa ratiba ya saa nane, na hakuna aliyeiambia idara ya masoko. Nakumbuka mama mmoja amekaa kwenye kochi la mapokezi, mtoto amelala juu ya begi, viatu bado miguuni. Kila nusu saa mama alinyanyua macho kuniangalia, bila kusema kitu. Vyumba vilikuwa safi kabisa vilipofunguliwa saa nane. Kwa ratiba ya idara ya usafi, kila mtu alikuwa amefanya kazi yake kwa wakati. Kwa mama yule, hoteli ilikuwa imevunja ahadi kwa saa mbili. Ndiyo maana pengo la 3 na la 4 msiyachanganye: katika la 3 kiwango kimevunjwa, katika la 4 kiwango kinaweza kuwa kimetimizwa lakini ahadi ya nje ilikuwa nyingine.

SERVQUAL, 1988: vipimo vitano

Watafiti walewale watatu, mwaka 1985, walikuwa na vigezo kumi. Mwaka 1988 wakavikusanya kuwa vitano, katika dodoso la kauli 22 liitwalo SERVQUAL. Mimi huvishika kwa vidole vya mkono.

Kidole gumba ni kutegemeka (kauli 5): kutimiza ulichoahidi, sawasawa na kwa wakati. Nimekiweka gumba kwa sababu bila gumba mkono haushiki kitu, na tafiti za waasisi wenyewe zilikiona kuwa ndicho kinachopewa uzito zaidi na wateja. Kinachofuata ni wepesi wa kuitikia (kauli 4), kisha kumpa mgeni imani kwa ujuzi na adabu (kauli 4), kisha kumjali yeye kama yeye (kauli 5). Mwisho ni vitu vinavyoonekana: jengo, sare, vifaa, menyu (kauli 4).

Watu wengi hukwama kutofautisha wepesi na kujali. Mgeni anaomba mto wa ziada, unaletwa ndani ya dakika tano: huo ni wepesi. Siku ya pili anakuta mto wa ziada umeshawekwa bila yeye kuomba: huko ni kumjali.

Hesabu yake

Kila kauli huulizwa mara mbili, matarajio (E) na alichokiona (P), kwa mizani ya 1 hadi 7. Alama ni:

```
Pengo = P − E
```

Jibu hasi maana yake huduma iko chini ya matarajio. Mizigo ni pointi 100 ambazo mgeni huzigawa kwa vipimo vitano kulingana na anavyovithamini. Nimetunga hoteli ya mfano:

| Kipimo | E | P | P − E | Mzigo |
|---|---|---|---|---|
| Kutegemeka | 6.7 | 5.2 | −1.5 | 32 |
| Wepesi | 6.4 | 5.4 | −1.0 | 23 |
| Imani | 6.3 | 6.0 | −0.3 | 17 |
| Kujali | 5.9 | 5.7 | −0.2 | 13 |
| Vinavyoonekana | 5.8 | 6.1 | +0.3 | 15 |

Bila mizigo: jumla ya mapengo ni −2.7, gawa kwa 5, unapata −0.54.

Kwa mizigo: (−1.5 × 0.32) + (−1.0 × 0.23) + (−0.3 × 0.17) + (−0.2 × 0.13) + (0.3 × 0.15) = −0.742, yaani takriban −0.74.

Msiiache namba hapo, ifasirini. Hali ni mbaya zaidi tukiweka mizigo, kwa sababu hoteli inashindwa palepale wageni wanapopajali zaidi. Imepaka rangi na kununua sare mpya, imepata +0.3, lakini oda zinachelewa na bili zina makosa. Fedha ya mwaka ujao isiende kwenye mapambo.

Wanaoipinga SERVQUAL

Cronin na Taylor, 1992, walisema pima utendaji peke yake. Kipimo chao ni SERVPERF: kauli zilezile 22, sehemu ya P tu. Katika mfano wetu wastani wa P ni 28.4 ÷ 5 = 5.68. Dodoso linakuwa nusu, na mgeni anayekimbilia ndege analimaliza.

Hoja nyingine za kutaja: matarajio yakiulizwa baada ya huduma, yameshaguswa na yaliyotokea, vipimo vitano havijitokezi vilevile katika kila sekta, na dodoso linatazama namna ya kutoa kuliko matokeo, jambo linalotu­rudisha kwa Grönroos. Maoni yangu: SERVPERF inafaa kufuatilia hali mwezi kwa mwezi, SERVQUAL inafaa unapotaka kujua pa kuanzia kurekebisha. Mkisema hivyo na kutoa sababu, mmejibu swali la "jadili".

Vipimo vilivyotoholewa kwa sekta yetu

LODGSERV ni ya malazi, ina kauli 26. DINESERV ni ya migahawa, ina kauli 29. Zote mbili zimejengwa juu ya vipimo vilevile vitano. Inatosha.

Mengine, kwa ufupi

Kano, 1984: kuna mahitaji ya lazima (shuka safi, ambayo hakuna anayeisifu, ila ikikosekana ni vita), yanayoongeza ridhiko kadiri yanavyoongezeka (kasi ya mtandao), na ya kufurahisha (barua ya mkono siku ya kuzaliwa). La kufurahisha leo huweza kuwa la lazima kesho.

Eneo la uvumilivu: nafasi kati ya huduma anayoitamani mgeni na ile anayoweza kuivumilia. Foleni ya dakika saba inavumilika saa za msongamano. Palipo tupu haivumiliki.

Umuhimu na utendaji, Martilla na James, 1977: chora miraba minne. Muhimu lakini dhaifu, shughulikia hapa kwanza. Muhimu na imara, endelea hivyo. Si muhimu na dhaifu, si kipaumbele. Si muhimu lakini imara, unapoteza nguvu.

NPS, kipimo cha utayari wa mgeni kuipendekeza kampuni: swali moja, "Kuna uwezekano gani utupendekeze kwa wengine?", mizani ya 0 hadi 10. Waliotoa 9 na 10 ni wapigadebe, 7 na 8 wako katikati, 0 hadi 6 ni wakosoaji. Wageni 200: wapigadebe 90, wa katikati 60, wakosoaji 50. Toa asilimia ya wakosoaji kwenye ya wapigadebe: 45% − 25% = +20. Udhaifu wake: inakuambia mgeni amekasirika, haikuambii kwa nini.

Kurekebisha kosa

Mgeni aliyekosewa hupima haki tatu: ya matokeo (nimefidiwa nini), ya utaratibu (imechukua muda gani, nimezungushwa?), na ya mahusiano (nimesemeshwaje). Hoteli nyingi hukimbilia ya kwanza, wakapunguza bili huku mhudumu anaangalia kompyuta bila kuinua uso.

Jibu la mfano

Swali: *Watalii wameahidiwa mwongozaji anayejua lugha yao. Aliyekuja haijui, ingawa ni mcheshi na mwenye adabu. Changanua.*

Pengo la 5 limetokea kwa sababu ya pengo la 4 kama kampuni haina mwongozaji wa lugha hiyo na ilitangaza tu, au pengo la 3 kama yupo na utaratibu unamtaka, lakini hakupangwa. Kipimo kilichoumia zaidi ni kutegemeka, kwa kuwa ahadi haikutimizwa. Adabu yake imesaidia upande wa kumpa mgeni imani, na kwa Grönroos ubora wa kiutendaji umebaki mzuri huku wa kiufundi umeanguka, kwani maelezo waliyoyalipia hawakuyapata. Hatua ya haraka: msamaha kabla ya gari kuondoka, mkalimani kwa siku zilizobaki, na fidia ya siku iliyopotea. Hatua ya kudumu: idara ya mauzo isithibitishe lugha yoyote kabla mpangaji wa safari hajaandika jina la mwongozaji kwenye fomu.