Misemo ya Moshi, isomwe Mbagala

Baba watoto, ulisema meseji zangu za "umekula?" zimekuchosha, unataka maneno ya kusoma ukiwa umesimama kwenye mwendokasi. Haya basi. Nimeyaandika nyuma ya daftari la vipimo, mengine ya wazee, mengi yangu mwenyewe. Usiyamalize yote siku moja.

*

Kibo na Mawenzi hawajawahi kushikana mkono, na hakuna anayesema ni milima miwili.

(Bibi alitusimulia kwamba Mawenzi alikuwa haishi kwenda kwa Kibo kuomba moto, mpaka siku moja akatandikwa, ndiyo maana kachongoka vile. Kwa hiyo nikikupigia mara nne kwa siku, nikanye kwa upole.)

*

Mlima ukijifunika mawingu mchana, hakuna mtu wa Moshi anayeuliza umehamia wapi. Simu yako ikizimika, nami siulizi.

Nitauliza mara moja tu. Usiku.

*

Fimbo ya mbali haiui nyoka, wanasema. Sikukupeleka Dar uue nyoka. Wa huku nawaua mwenyewe, wewe nitumie ya simenti.

*

Asiyekuwepo na lake halipo? Kikombe chako cha bati kipo kwenye msumari, na hakuna anayekinywea.

*

Umbea hupanda basi bila nauli, na ukifika hapa haukuti kiti.

Huu una kisa chake. Jirani yetu alirudi kutoka Dar wiki iliyopita, hata mzigo hajashusha, akaja kuniambia amekuona Kariakoo unacheka na mwanamke. Nilikuwa napindisha sketi, sikusimamisha cherehani. Nikamwambia, Kariakoo mtu akionekana anatembea peke yake ndiyo habari. Akakaa kidogo, akaomba maji, akaenda. Uliponipigia saa tatu usiku ukanitajia mwenyewe yule dada wa duka la vifungo aliyekupunguzia bei, kabla sijauliza. Hapo ndipo nilipoandika huu ufuatao:

Ukinieleza kabla sijauliza, hata aliyeona kwa macho yake hana la kuniletea.

*

Meseji haina uso. Ukikasirika, piga.

*

Shati lililoachwa mlangoni ni barua.

Lile la mistari nililifua mwezi wa tatu kwa kusahau. Nikaja kushtuka liko kwenye kamba linanuka sabuni ya mche, harufu yako yote imeondoka na maji. Nililia palepale uani, mama akadhani povu limeniingia machoni, akaniletea maji ya kunawa. Nikanawa. Ukija, livae siku mbili kisha uliache hapohapo.

*

Upande wako wa kitanda nimepanga vitambaa vya wateja. Si kwamba nimezoea. Pakiwa patupu silali.

*

Reli yetu ilikaa zaidi ya miaka 20 bila treni ya abiria, na Desemba 2019 treni ya kutoka Dar ikaingia tena Moshi. Mimi nina miezi minane tu, sijashika kutu.

*

Tofali halijui limenunuliwa na nani.

Ulituma elfu arobaini, nikaongeza elfu kumi na tano ya sare za harusi, tukapata 40. Sasa yako 340 chini ya mparachichi kule Msaranga. Nimeyahesabu mwenyewe, mara mbili, maana mtoto wa jirani huwa anayakalia na moja limevunjika pembe. Haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba chetu kina vyumba viwili na sebule, na dirisha la chumbani litazame mlimani. Hilo la dirisha hatubishani tena.

*

Ukinikumbuka sana, nunua msumari. Nikikukumbuka sana, nashona mpaka saa sita.

*

Milima haikutani, binadamu hukutana. Aliyesema hivyo hakuwahi kutafuta tiketi ya Moshi tarehe 22 Desemba.

*

Pendo la kweli hukata tiketi Novemba.

(Huu si utani. Mwaka juzi ulisema "nitapata tu", ukafika Krismasi jioni, ndizi zimeshaliwa, kiti chako kamekalia kajomba.)

*

Watoto wakiuliza baba yuko wapi, siwaambii yuko mbali. Nawaambia yuko kazini, na kazi ina siku ya kurudi.

*

Ngoja, mteja kaingia. Ni yule wa gauni la kijani, kabadili mawazo tena, sasa anataka mkono mfupi. Piga saa tatu, kabla mdogo hajalala. Ana jino linalocheza na amekataa kung'olewa mpaka wewe ulione.