Ombi la Kukuhoji Kuhusu Biashara Yako ya Mukene

Busia, Uganda
10 Machi 2025

Kwa Mama Zubeda,
Muuzaji wa mukene na samaki wakavu,
Soko la Busia.

Salamu Mama, wewe na wote wa nyumbani.

KUH: OMBI LA MAHOJIANO YA MASOMO

Mimi ni mwanafunzi wa diploma ya biashara, mwaka wa pili. Somo letu la utafiti linatutaka tumfuate mfanyabiashara mdogo mmoja, tumsikilize, kisha tuandike ripoti. Naomba mfanyabiashara huyo awe wewe.

Nimewahi kununua kwako, na nikaona jinsi daftari lako lilivyopigwa mstari katikati: upande mmoja shilingi za Uganda, upande wa pili za Kenya. Mteja wa ng'ambo akichukua gorogoro tatu kwa mkopo, deni lake unaliandika kwa pesa yake. Hapo ndipo swali langu lilipo. Leo akilipa na bei ya kubadilisha pesa imeshuka, hasara inabebwa na nani? Tena unajuaje wa kukopeshwa na wa kuambiwa alipe kwanza? Darasani tunafundishwa hesabu za mikopo, lakini za mikopo ya sokoni mpakani hatufundishwi, na nadhani wewe unazijua kuliko sisi.

Ningependa pia kusikia mzigo unavyotoka Majanji hadi mezani pako, na mvua inavyoharibu bei mukene wasipokauka vizuri. Na kama umewahi kutumia ule utaratibu rahisi wa forodha wa Afrika Mashariki, wa mizigo isiyozidi dola 2,000, unieleze kama unawasaidia akina mama wa soko au la.

Mama, sitoki URA wala manispaa. Sitakuuliza faida yako wala akiba yako. Jina lako halitaandikwa kwenye ripoti, na majina ya wadeni wako sitaki hata kuyaona. Ripoti itasomwa na mwalimu wangu tu. Sheria ya mwaka 2019 ya kulinda data na faragha inanitaka nipate idhini yako kwanza, kwa hiyo ukikataa swali lolote tutaliruka. Kurekodi sauti kwa simu nitafanya ukiruhusu; usiporuhusu nitaandika kwa mkono.

Najua asubuhi mzigo unashushwa na huna nafasi. Naomba dakika 40 hivi, saa nane mchana wateja wakipungua, siku yoyote ya wiki ijayo. Nitakaa hapo hapo kwenye meza yako, na mteja akija utamhudumia kwanza. Lugha ni Kiswahili, au Kisamia ukipenda.

Barua ya chuo inayonitambulisha nimeiambatisha. Alhamisi jioni, tarehe 13, nitapita kuchukua jibu lako. Ripoti ikikamilika nitakuletea nakala, nikusomee sehemu inayokuhusu kabla sijaikabidhi, ili nilipokuelewa vibaya unirekebishe.

Nakushukuru sana, Mama.

Mwanao,
Hamisi Wandera