Muhtasari wa barua ya rufaa ya mama mdogo, kwa dokta wa Nansio

Dokta habari za kazi. Mimi ni nesi hapa Mwanza, yule mgonjwa wa moyo anayehamia kwako kutoka Bugando ni mama yangu mdogo, miaka 41. Barua ya bingwa ni kurasa 3, anavuka nayo na feri kesho, ila nimekufupishia uipitie mapema, na dozi nimezinakili kama zilivyoandikwa.

Shida yenyewe ni valvu ya maitro imebana, kovu la homa ya rumatiki, iligundulika 2019. Eko ya mwisho tundu la valvu ni sentimita za mraba 1.2, EF 55%. 2022 mapigo yakaanza kwenda ovyo (AF) ndo akaanzishwa wafarini. Kiharusi hajawahi, kisukari hana, presha 112/70.

Anazotumia sasa: wafarini 5 mg jioni, lengo INR 2 mpaka 3, ya juzi ilikuwa 2.4. Bisoprololi 5 mg asubuhi. Spironolaktoni 25 mg asubuhi. Sindano ya benzathini penisilini uniti milioni 1.2 kila wiki 4, kachomwa Jumatatu hii.

Furosemidi ndo naomba uiangalie vizuri, maana ukurasa wa 1 umeandikwa 40 mg mara moja kwa siku, ukurasa wa 3 40 mg mara mbili. Mwenyewe anameza asubuhi tu na miguu haijavimba. Sijachagua mimi, nimekuwekea zote mbili, tafadhali wapigie kliniki ya moyo kabla hujamwandikia, namba ipo juu ya barua.

Digoksini ILISIMAMISHWA, alikuwa anatapika na mapigo yakashuka mpaka 44. Nasisitiza kwa sababu jana napanga dawa zake nimekuta vidonge 6 vya digoksini vimefungwa kwenye kona ya khanga, anasema alivitunza visipotee bure. Nimevitoa, ila akikutajia "kile kidogo cheupe" ujue ndo hicho.

Septrini ana mzio nayo, midomo ilivimba na vipele mwili mzima. Na flajili pia barua inasema aepuke, siyo mzio, mwaka jana alipewa kwenye zahanati moja ya tumbo la kuhara, INR ikapanda 5.1 fizi zikatoka damu siku 2. Diklofenaki vilevile asichomwe hata akilia mgongo, huwa anaiomba sana mchana wa kuuza dagaa.

Ana kijiti mkononi tangu 2023, barua inataka kisitolewe bila kumwandalia njia nyingine maana wafarini na mimba haviendi. Rufaa ya JKCI kutathmini kupanuliwa valvu kwa puto imeshaandikwa, tarehe bado.

INR irudiwe ndani ya wiki 2. Kama hapo kwenu haipimwi niambie mapema nimpangie siku ya kuvuka, maana wafarini zimebaki vidonge 9 tu.